Naomba ushauri: kahawa ni ile ile ya barazani, mbona sasa inaninyima usingizi na moyo unakwenda mbio?

MtuWaNgamiani
Wakuu, habari za usiku. Niko Tanga, umri miaka 41. Kahawa chungu nimeinywa tangu ujana. Kila siku baada ya Isha tunakaa barazani, napiga vikombe vitatu vidogo na kashata, mazungumzo mpaka saa tatu na nusu hivi, kisha narudi nyumbani kulala. Haijawahi kunisumbua.

Tangu Ramadhani iishe mambo yamegeuka. Nikilala moyo unadunda mpaka nausikia masikioni. Usingizi ukija, saa nane usiku niko macho, nawaza ada za watoto na mambo ambayo mchana wala hayanishughulishi. Mke wangu alihisi ni presha, nikaenda kupima, wakasema iko sawa. Kahawa sijaongeza hata tone. Kilichobadilika ni kwamba niliacha sigara kwenye mfungo, na alhamdulillahi sijarudi. Je, ni kahawa kweli au nitafute tatizo kwingine?

Shababi_Mkongwe
Mkuu, kahawa unaisingizia. Kafeini inakaa mwilini saa tano tu. Ukinywa saa mbili usiku, ikifika saa saba imeshaisha yote. Sasa hiyo saa nane inakuamsha vipi? Hayo ni mawazo ya maisha. Tafuta mtu wa kuzungumza naye.

MamaSwabra
Pole sana kaka yangu. Presha usiipime mara moja tu, rudia siku nyingine ukiwa umetulia. Mimi yalinikuta kama hayo na wala sinywi kahawa, ni chai ya rangi tu ya jioni. Nilipoanza vidonge vya uzazi wa mpango, chai ile ile ikawa inanikesha. Nikaambiwa ni homoni, basi nikaishia hapo.

NesiWaZamu
MtuWaNgamiani, jibu lako umeliandika mwenyewe, liko kwenye sigara.

Kafeini huvunjwa na ini. Moshi wa sigara hulichochea ini lifanye kazi hiyo haraka zaidi, kwa hiyo mvutaji huiondoa kafeini karibu mara mbili ya kasi ya asiyevuta. Kinachochochea ni moshi wenyewe, nikotini haihusiki. Ukiacha, ini hurudi kwenye mwendo wake wa kawaida ndani ya siku chache, lakini mkono wako barazani unaendelea kupokea vikombe vile vile. Kahawa haijaongezeka, ila sasa inakaa ndani muda mrefu zaidi.

Shababi, zile saa tano ni za nusu kuondoka, si yote. Tuchukulie vikombe vyake vitatu vina miligramu 120 za kafeini. Amekunywa saa mbili usiku. Saa saba bado ana 60, na saa kumi na mbili asubuhi bado ana 30. Alipokuwa anavuta, nusu huenda ilikuwa inaondoka kwa saa tatu hivi: saa tano usiku 60, saa nane 30. Yaani saa nane ya zamani alikuwa na 30, saa nane ya leo ana zaidi ya 50. Angeinywa kahawa hiyo hiyo saa moja asubuhi, mpaka saa tano usiku ingebaki kama 13 tu. Ndiyo maana saa ya kunywa ina uzito kuliko idadi ya vikombe.

MamaSwabra, wewe nawe ni mlango huo huo. Vidonge vyenye estrojeni hulipunguza ini kasi, kafeini ikakaa karibu mara mbili ya muda wake. Na mjamzito wa miezi ya mwisho huchukua muda mrefu zaidi ya huo.

MwanaMuleba
Mimi nakataa. Kwetu Kagera tunalima robusta, ina kafeini karibu mara mbili ya arabika ya Kilimanjaro, na buni tunaitafuna tangu utotoni. Mimi nakunywa kikombe kikubwa baada ya chakula cha usiku na nalala fofofo. Hii ni damu ya mtu na mtu.

NesiWaZamu
Kwamba watu hatufanani, hapo sikupingi. Wapo ambao ini lao ni jepesi kwa kuzaliwa. Lakini "nalala fofofo" usiiamini sana. Mwaka 2013 ulichapishwa utafiti wa Marekani ambapo watu walipewa miligramu 400, ambayo ni dozi kubwa, saa sita kabla ya kulala. Vipimo vilionyesha wamepoteza zaidi ya saa moja ya usingizi, ila wenyewe hawakuona tofauti kubwa hivyo. Tazama asubuhi yako, MwanaMuleba: unaamka umechangamka, au husogei mpaka upate kikombe?

Sasa moyo. Mwili hutoa adenosini mchana kutwa, nayo ndiyo hutuletea uzito wa kusinzia. Kafeini hukaa kwenye kiti cha adenosini, uzito ule usihisiwe, na adrenalini hupanda kidogo. Kwa mnywaji wa siku nyingi mapigo huenda yasiongezeke sana, ila kila pigo huhisiwa kwa nguvu. Ukiwa kitandani, kimya, unayasikia, unaingiwa na hofu, na hofu nayo inaongeza adrenalini. Ada za watoto zinaingia hapo.

Ukisikia yanadunda, weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, uhesabu dakika nzima. Kati ya 60 na 100 na yakienda kwa mpangilio, tulia. Yakiruka ruka bila mpangilio, au yakiambatana na kizunguzungu, maumivu ya kifua au kuzimia, usisubiri asubuhi, nenda hospitali.

Shababi_Mkongwe
Hesabu nimeielewa, nusu nilikosea. Lakini kuacha sigara kwenyewe kunaleta wasiwasi na kukosa usingizi. Unajuaje si hilo?

NesiWaZamu
Hoja nzuri, na siwezi kuvitenganisha kwa kusoma tu hapa. Makali ya kuacha sigara huwa mazito wiki za mwanzo, kisha hupungua. Njia ya kujua ni kuhamisha kahawa, isipite saa nane mchana, kwa wiki mbili, bila kubadilisha kingine. Moyo ukitulia, ni kahawa. Usipotulia, kapime tezi la shingo na wingi wa damu, vyote huupeleka moyo mbio.

MtuWaNgamiani
Ahsanteni sana. Nimeanza kuiacha ya usiku. Barazani nachukua maji ya tangawizi tu. Moyo umetulia kiasi, lakini kichwa kinaniuma kuanzia jioni, nimekuwa nikimeza Panadol Extra mbili kabla ya kulala. Saa nane bado naamka.

NesiWaZamu
Kichwa hicho ni cha kukatisha kahawa ghafla. Huanza ndani ya siku moja na kinaweza kuendelea mpaka wiki au zaidi kidogo. Lakini soma ubavu wa boksi: kila kidonge cha Panadol Extra kina miligramu 65 za kafeini. Mbili ni 130, zaidi ya vile vikombe vitatu tulivyokadiria, na unazimeza saa ya kulala. Chukua parasetamoli ya kawaida. Kahawa usiikate yote: kunywa kikombe kimoja asubuhi na kimoja saa sita mchana, kile cha mchana ukiache baada ya siku kadhaa. Hizo wiki mbili zianze kuhesabiwa siku utakayoacha vidonge hivyo, kwa sababu mpaka leo kafeini ya usiku hujaiacha.