Msaada: sabuni yangu imekataliwa cheti cha uasili, wanasema si ya Afrika Mashariki

MamaPovu (Arusha)
Wakuu, nina kiwanda kidogo cha sabuni za kuogea. Nanunua tambi za sabuni kutoka Malaysia, nachanganya rangi na manukato, nakamua, nakata, napiga muhuri. Mteja wa Nairobi kaagiza katoni 200. Nimeomba cheti nipite Namanga bila ushuru, nimenyimwa. Wafanyakazi wote ni wa hapahapa, umeme wa hapahapa. Sasa sabuni ni ya wapi?

Kijana wa Mpakani
Usihangaike. Mzigo ukiwa chini ya dola 2,000 kuna cheti rahisi, unajaziwa palepale mpakani. Gawa mzigo.

Dalali Mstaafu
Kijana, cheti rahisi kinapunguza makaratasi tu, hakibadilishi asili ya bidhaa. Na kugawa mzigo wa mteja mmoja ni kujitafutia kesi.

Mama, tatizo ni hizo tambi. Kwenye kitabu cha ushuru ziko kichwa 34.01, na sabuni iliyokamilika ni 34.01 hiyohiyo. Umeingiza sabuni, umetoa sabuni. Ungepika mwenyewe kwa mawese (15.11) na kostiki soda (28.15), kichwa kingebadilika na sabuni ingehesabiwa ya hapa, hata kama mafuta yote yametoka Malaysia.

Bidhaa nyingi zina mlango wa pili: malighafi za nje zisizidi asilimia 70 ya bei ya kiwandani. Soma mstari wa sabuni kwenye jedwali la kanuni za uasili za Afrika Mashariki za 2015, kisha tupe hesabu ya katoni moja.

Mzee wa Viungo
Mimi pilipili yangu ilizuiwa kwa sababu ya nembo ya ubora. Una nembo mama?

MamaPovu
Nembo ninayo mzee, hilo ni jambo jingine. Katoni nauza 30,000 kiwandani. Tambi 19,500, manukato na rangi vya nje 2,400. Boksi 1,500, la Dar.

Dalali Mstaafu
Boksi la Dar halihesabiwi. Vya nje ni 21,900, yaani asilimia 73. Umezidi kidogo tu. Ukiuza 31,500 unashuka hadi 69.5, ila iwe bei halisi kwenye ankara zako zote. Wakenya wakiwa na shaka wataomba uhakiki, na watu wa forodha watakuja kufungua vitabu vyako.

Njia safi zaidi: tafuta tambi zilizopikwa Kenya au Uganda. Zikija na cheti chao cha uasili, zinahesabiwa kama za kwako.

MamaPovu
Mteja hapandi hata mia. Kuna kiwanda Mombasa nimeulizia. Ila stoo bado nina tani 3 za Malaysia. Nikichanganya nusu kwa nusu?

Dalali Mstaafu
Piga hesabu upya kwa nusu hiyo, lakini weka daftari la kila pishi: tambi ipi, kilo ngapi, katoni namba ngapi. Kama afisa wa kwenu atakubali mchanganyiko huo, muulize kabla hujawasha mashine.

Kijana wa Mpakani
Mbona mimi napita na mahindi kila wiki hawaniulizi haya?

Mzee wa Viungo
Mahindi umeyalima wewe, kijana.