Picha ya darasani kwa kijitabu cha shule: watoto wa dirishani wanaungua, wa ndani wanamezwa na giza

KameraYaKayole (mwenye uzi)

Habarini wadau. Shule moja ya msingi huku Embakasi imenipa kazi ya kupiga picha ya jalada la kijitabu chao: wanafunzi wa Gredi ya 5 wakiwa na sare, madawatini, vitabu mbele yao. Mkuu wa shule hataki flashi. Anataka mwanga wa dirisha, na mzazi akiiona picha aamini kwamba hivyo ndivyo darasa lilivyo.

Jana nilienda kujaribu saa mbili na nusu asubuhi. Madirisha makubwa yako mashariki. Upande wa magharibi kuna madirisha madogo yanayotazama veranda. Jua lilikuwa limeingia moja kwa moja, kivuli cha grili kimejichora kwenye nyuso za watoto kama zebra. Nilipima mwanga kwa f/4, ISO 800: mtoto wa dirishani alitaka 1/500, wa safu ya tatu kutoka dirishani 1/60. Nikimpata huyu, yule ananipotea. Na nyuso za wa ndani zimetoka na rangi ya kijani kijani. Alhamisi ndiyo siku ya kazi yenyewe. Nifanye nini?

Baba Tito

Kaka, usijitese. Funga mapazia, elekeza flashi juu darini, mwanga urudi chini ukiwa laini. Nimepiga harusi miaka kumi kwa njia hiyo na hakuna aliyelalamika.

FundiMwangaza

Baba Tito, njia yako inafaa pale penye dari nyeupe. Madarasa mengi ya huku hayana dari, ni mabati na mbao tupu, flashi ikipanda haina pa kugonga. Na mwenye kazi ameshasema hataki flashi.

KameraYaKayole, shida yako ya kwanza ni saa, si kamera. Dirisha la mashariki saa mbili na nusu lazima likuletee jua kali. Hapa Nairobi jua hufika kileleni kama saa sita na nusu, wala si saa sita kamili. Omba kipindi cha baada ya chai, kuanzia saa tano na nusu. Jua litakuwa limepanda kiasi kwamba ukingo wa paa unalizuia, na dirishani kutaingia mwanga wa anga tu. Huo hauchori grili. Na mwezi huu wa Julai mawingu yakigoma kuondoka, shukuru. Wingu ndilo pazia jeupe kuliko lolote utakalonunua.

Shida ya pili ni pengo lako. Kutoka 1/500 hadi 1/60 ni stopu tatu, na hakuna jalada litakalobeba hizo zote vizuri. Usijaribu kuliangaza darasa zima. Sogeza dawati la kwanza mita moja na nusu kutoka dirishani, kwa sababu mwanga huporomoka kwa kasi zaidi pale karibu kabisa na kioo. Kisha panga picha yako katika safu mbili za kwanza, na hizo nyingine ziwe mandhari tu, zififie. Upande wa veranda usiufunge. Ni mwanga hafifu, lakini ndio utakaoinua kivuli cha shavu la pili. Ukiona hautoshi, mwambie mwalimu msaidizi ashike manila nyeupe nje kidogo ya fremu.

Simama pembeni mwa ubao, piga kwa mshazari, dirisha lenyewe lisionekane. Shusha kamera hadi usawa wa macho ya mtoto aliyekaa. Na chunga kola ya shati jeupe: hiyo ndiyo huungua kwanza. Ikianza kumemeta kwenye skrini, punguza. Uso mweusi wenye mng'ao upande mmoja ni mzuri, lakini kola isiyo na nyuzi haitengenezeki.

Ule ukijani nadhani ni taa za mirija za darasani. Zizime zote.

KameraYaKayole

Kweli, taa zilikuwa zinawaka! Nilidhani zinasaidia.

Mwl. Nekesa

Mimi ni mwalimu, sijui kamera, lakini picha za vijitabu huwa zinanichekesha na kuniudhi. Watoto wote wameinua mikono, vitabu vyote vimefunguliwa ukurasa mmoja, na ubaoni kuna hesabu za Gredi ya 2. Mwambie mwalimu wa darasa afundishe kipindi cha kweli, dakika 35 zote. Kumi za kwanza watakutazama wewe. Baada ya hapo watakusahau, na utamwona mmoja ameegemea kiwiko, mwingine anafuta kwa raba, mwingine anachungulia daftari la jirani.

Vitabu viwe vyao wenyewe, vyenye jalada la karatasi ya kaki na pembe zilizokunjika. Sare pia. Shule moja niliyofundisha iligawa sweta mpya asubuhi ya picha: mikunjo ya pakiti ilionekana vifuani na mikono ilifika kwenye vidole.

Seremala wa Gikomba

Kama mnatafuta madawati ya watu wawili, fremu ya chuma na mbao ya msaiprasi, ninayo tayari. Naleta hadi Embakasi.

KameraYaKayole

Asante fundi, hatununui. Ila umegusa jambo: mkuu wa shule anataka madawati yapakwe vanishi Jumatano.

FundiMwangaza

Mzuie kama unaweza. Vanishi mpya ni kioo: utapata baka jeupe la dirisha juu ya kila dawati, na daftari litapotelea humo. Yapigwe msasa kidogo na kufutwa kwa kitambaa chenye maji, basi. Mikwaruzo ibaki. Kama ameshapaka, tumia kichujio cha polaraiza, au sogea hatua mbili hadi baka liondoke.

Mama Wanjiku

Mnaongea mwanga na watoto ni wa nani? Binti yangu alihama shule, na miaka miwili baadaye uso wake bado uko kwenye bango lao barabarani. Hakuna aliyeniuliza.

Mwl. Nekesa

Pole mama. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi. Mwaka 2023 shule moja hapa Nairobi ilitozwa faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini hiyo. Fomu iseme picha itatumika wapi na kwa muda gani. Asiyeleta akae safu za nyuma, nje ya fremu, asitolewe darasani.

KameraYaKayole

Mrejesho. Leo nimerudi saa tano na dakika 40, kuna wingu, taa nimezima, madawati nimesogeza. Dirishani 1/250, safu ya pili 1/100. Ukijani umepungua sana, ila umebaki kidogo chini ya kidevu.

FundiMwangaza

Sweta zao ni rangi gani?

KameraYaKayole

Kijani.

FundiMwangaza

Basi ni sweta zinazorudisha ukijani kidevuni. Weka daftari wazi lenye kurasa nyeupe mbele ya kila mtoto wa safu ya kwanza, litarudisha mwanga mweupe usoni. Piga kwa RAW, kitakachobaki utakitoa nyumbani. Na ongeza mwangaza kidogo kabla ya kupeleka kwa mchapaji, karatasi hunywa wino na picha hutoka nzito kuliko ulivyoiona kwenye skrini.

KameraYaKayole

Sawa. Swali la mwisho: tarehe ubaoni niache au nifute?

Mwl. Nekesa

Acha. Ubao usio na tarehe na jina la somo si ubao wa darasa la Kenya.

Baba Tito

Futa. Kijitabu kitagawiwa miaka mitatu, mwakani kitaonekana cha zamani.

KameraYaKayole

Nitapiga zote mbili, mkuu wa shule achague. Fomu 31 kati ya 38 zimerudi hadi sasa.