Tupeane uzoefu: "interested on", "afraid from" na "responsible of" katika barua pepe za kazini

Karani wa Masjala
Wanajamvi, habari za kazi. Jana mkuu wetu wa idara amerudisha nakala ya barua pepe ya kijana wa manunuzi ikiwa imezungushiwa wino mwekundu mahali pamoja tu, pale alipoandika "We are interested on your quotation". Kompyuta haikumpigia mstari, kwa kuwa "on" ni neno lililoandikwa sawasawa, na kijana anauliza kosa liko wapi ilhali muuzaji ameelewa na amekwishajibu. Ningependa kila mmoja aeleze aliyokutana nayo katika vihusishi vya namna hii, hasa kama kuna mtu aliyewahi kupata hasara kwa sababu ya kineno kimoja.

Mwana wa Maskati
Hiyo "afraid from" ninaisoma kila wiki hapa Omani, na wanaoiandika ni wenzangu waliosoma kwa Kiarabu. Wao husema "khaif min", na "min" ni "kutoka", kwa hiyo wanahamisha neno kwa neno. Sisi tuliokulia Kiswahili hatuna sababu ya kukosea hapo kwa namna hiyo, kwani kwetu mtu humwogopa mbwa moja kwa moja bila kuweka chochote katikati. Ndiyo maana ukisoma "I am afraid from the delay" unaweza kukisia mwandishi alisomeshwa kwa lugha gani kabla hujafika kwenye jina lake.

Fundi Bukavu
Mwana wa Maskati amesema kweli, na sisi wa Kongo tunajulikana kwa "responsible of". Kifaransa kinasema "responsable de", maneno yanafanana sana, basi mkono unaandika wenyewe. Tunaandika pia "interested by" kwa sababu ya "intéressé par". Lakini "afraid of" hatuikosei, maana "peur de" inatupeleka palepale.

Binti Pangani
Na "married with" msiisahau. Ameolewa na, basi "with".

Karani wa Masjala
Asante, dada. Kwa hiyo "interested on" ndiyo yetu wenyewe?

Mwalimu wa Jioni
Kwa kiasi kikubwa ndiyo, ingawa si yetu peke yetu. Kiswahili kina "katika" na kiambishi "-ni", na vyote viwili vinabeba "in", "on" na "at" bila kubagua: kitabu kiko mezani, kalamu iko mkobani. Anayetoka huko akifika kwenye Kiingereza analazimika kuchagua kitu ambacho lugha yake haikumzoesha kukichagua, naye huchagua kwa kubahatisha. Mwenye kuwaza "kuvutiwa na" huangukia "interested with", na mwenye kuwaza "anayehusika na" huandika "responsible with".

Wanafunzi wangu huwafundisha wapitie kwenye nomino. Mtu akishajua kusema "interest in", "fear of" na "responsibility for", basi kivumishi hufuata njia ileile: "interested in", "afraid of", "responsible for". Na kitenzi kikija baada ya hapo kiwe na "-ing": "interested in buying", "responsible for checking".

Mzee Kobe
Mwalimu, kwa heshima zote, njia hiyo ina mashimo. "Proud of" nomino yake ni "pride in". Nani atamwambia mwanafunzi siku atakapoandika "proud in our team"?

Mwalimu wa Jioni
Ni kweli, mzee wangu, na "fond of" pia huenda kwenye "fondness for". Inasaidia kwa maneno mengi ya ofisini, si kwa yote.

Msomi Huru
Mimi kinachoniudhi zaidi ni "discuss about" na "revert back". Watu wazima wenye shahada wanaandika "let us discuss about the budget"!

Binti Pangani
Hivyo ni vitenzi, kaka. Hapa tunazungumzia vivumishi.

Msomi Huru
Kosa ni kosa. Kama ni vivumishi, basi nawapa "different to", ambayo ni makosa matupu na bado wakubwa wanaiandika.

Mwalimu wa Jioni
Hapo nitakupinga. "Different to" ni ya kawaida Uingereza, "different than" inasikika sana Marekani, na "different from" inakubalika pande zote mbili. Ukimpigia mwenzio wino mwekundu kwa "different to" umemwonea.

Msomi Huru
Sisi tulifundishwa "from" na tulichapwa kwa hiyo.

Wakala wa Forodha
Naona mnajadili kineno kilichokosewa; mimi nitawasimulia kilichokuwa sahihi na kikaleta balaa. Nilikuwa katika kampuni ya kutoa mizigo bandarini Mombasa, ambayo sitaitaja. Kontena la mteja lilifunguliwa katoni zikaonekana pungufu, na mteja akaandika kwa ukali akitaka kujua nani anashughulikia suala hilo. Mwenzangu wa ghala, mtu mpole na mwangalifu, alikuwa amekwisha kufundishwa kwamba "responsible of" ni kosa, kwa hiyo akaandika kwa usahihi kabisa: "Dear Sir, I am responsible for the missing cartons. Kindly bear with me." Alikusudia kusema kwamba yeye ndiye aliyekabidhiwa kufuatilia. Mteja alisoma kwamba mtu wa ghala amekiri kuzipoteza, akaiambatisha barua pepe ile kwenye madai ya fidia, na wiki nzima ofisi haikuzungumza jambo jingine. Mwenzangu alisimamishwa kazi uchunguzi ukiendelea, hadi hati za upakiaji zilipoonyesha kwamba upungufu ulikuwapo tangu mzigo ulipopakiwa.

Binti Pangani
Subhanallah. Alirudishwa kazini?

Wakala wa Forodha
Alirudishwa, lakini barua pepe za wateja hakuziandika tena.

Mzee Kobe
Mkosaji hapo ni mteja. Mtu anayeiba hakiri kwa "Dear Sir".

Mwalimu wa Jioni
Mteja alisoma kama Mwingereza yeyote angalisoma. "Responsible for" ikifuatwa na kazi, idara au watu, kama "responsible for the warehouse", ina maana ya usimamizi. Ikifuatwa na jambo baya lililokwisha kutokea, kama upotevu, kuchelewa au ajali, msomaji huona lawama kwanza. Mwenzako angeandika "I am handling the claim for the missing cartons" asingeguswa na mtu. Na kwa kuwa tumefika hapo, "responsible to" ni jambo jingine kabisa: ni yule unayewajibika kwake. Tangazo la kazi likisema "responsible to the Chief Accountant for petty cash", mhasibu mkuu ndiye bosi na fedha ndogondogo ndizo kazi.

Fundi Bukavu
Basi "responsible of" yetu ilikuwa na usalama wake!

Msomi Huru
Dawa ni kuvikwepa vyote. Badala ya "we are interested in" andika "we would like to buy".

Karani wa Masjala
Hapana, kaka, sisi tuliomba bei tu. Ukimwandikia muuzaji kwamba ungependa kununua, kesho atakuletea ankara. Mwalimu, vipi kuhusu "concerned"? Kijana huyohuyo ameandika "we are concerned with your late delivery".

Mwalimu wa Jioni
Wengi wataelewa kwamba mna wasiwasi, lakini "about" ndiyo inayosema hivyo bila utata. "Concerned with" zaidi ni kuhusika: "this section is concerned with imports".

Mzee Kobe
Mwambie aandike "Where are our goods?" Haina kihusishi hata kimoja.