Yule mtangazaji wa redio wa asubuhi kaniita mashine ya kukuna nazi, tena hewani

Wakuu, nina hasira hadi chai imenishinda. Simtaji, mnamjua. Yule anayecheka kabla hajatamka.

Nimepiga kuchangia hoja ya nauli za bajaji. Sijamaliza salamu, jamaa: "Subiri, hii sauti ni ya mtu au mashine ya kukuna nazi?" Na mlio wa mashine ukaingia hapo hapo! Grrrrr! Mwenzake wa kike eti anamkaripia: "Mwache mzee wa watu." Mzee! Nina miaka 34!

Wao kwa wao najua wanaigiza. Jana wamerushiana maneno hadi mmoja "akatoka studio", mlango ukabamizwa. Likapita tangazo la magodoro, wakarudi wanasoma salamu kwa zamu. Ugomvi gani unasubiri tangazo? Ila wao wanalipwa. Mimi mashine ya kukuna nazi nimelipwa nini? Salio langu, aibu yangu. Makorora nzima watoto wakiniona: grrrrr. Mke wangu kacheka kageukia ukutani.

Wa_Chumbageni: Rekodi ipo? Tusikie kwanza, huenda jamaa kasema kweli 😂

Dada_Sahare: Wapigaji wote feki, wanakaa chumba cha pili. Hata wewe nina shaka nawe.

Fundi_Mitambo: Si wote, dada. Nimekaa kwenye mitambo, sio redio hiyo. Wa kupangwa utamjua: sauti nzito, safi, maana yuko kwenye maiki. Ya simu huwa nyembamba, haina besi. Tena haambiwi "punguza redio yako", wala hagongani na mtangazaji kwenye maneno. Mleta uzi, kabla ya kuingia hewani ulipokelewa na nani?

Mleta uzi: Binti mpole sana. Kaniuliza jina, mtaa, nataka kusema nini. Akasema subiri kidogo kaka.

Fundi_Mitambo: Basi ndiye. Kasikia sauti, kamwandikia mtangazaji kwenye skrini, mwenzao akauweka mlio tayari. Mlio kama ule hautafutwi kwa sekunde moja. Labda waliutumia juzi kwa mwingine ukawa karibu, hapo siapi. Hata huyo wa "mwache mzee" ana zamu yake: mmoja anauma, mwingine anapuliza.

Mleta uzi: Yule mpole?! Kaniita kaka!!

Mswahili_Halisi: Iandikie redio barua kwanza. Wakikupuuza, nenda Kamati ya Maudhui, TCRA.

Mleta uzi: Niandike nini, "mimi ni mashine ya kukuna nazi"?

Wa_Chumbageni: Weka na sahihi: Grrrrr.

Bi_Harusi_Duga: Wewe una nafuu. Mimi salamu zangu za harusi wamezisoma kwa muziki wa msiba, mama mkwe hadi leo haniangalii.

Mzee_wa_Pongwe: Samahani nimechelewa. Hiyo mashine ya kukuna nazi inauzwa? Ya mkono au ya umeme?

Dada_Sahare: Chukua ya mkono babu. Huku umeme umekatika tangu alfajiri.

Bi_Harusi_Duga: Kumbe na kwenu?