Bafu la kaya saba: tundu la chujio tu au tuweke trapu?

Mpangaji_wa_nyuma
Wakuu habari. Tupo kaya saba, bafu mbili zimeshikana nje. Hili la kushoto maji yanajaa mpaka kwenye kifundo cha mguu, yakishaondoka inabaki harufu mbaya hasa mchana. Sasa hivi ni tundu lenye chujio, chini yake bomba moja kwa moja mpaka chemba. Mwenye nyumba amekubali kutengeneza ila anasema tuchague wenyewe, chujio jipya kubwa au trapu. Nusu ya wapangaji wanaikataa trapu wanasema itaziba kila siku. Nyie mnatumia ipi?

mama_mapacha
Pole sana. Sisi tulikuwa tunagombana hivyohivyo, tukabadili kitasa tukaweka komeo ndani na kufuli nje, kila nyumba na ufunguo wake, ugomvi ukaisha. Kitasa bafuni kinaliwa na kutu halafu ufunguo unamdondokea mtu akiwa na sabuni mikononi.

Mpangaji_wa_nyuma
Asante dada ila mlango hauna shida, shida ni maji 😅

Kijana_wa_kona
Hiyo ni uchafu tu. Mwaga dawa ya klorini usiku, asubuhi harufu hakuna. Sisi tunafanya kila Jumamosi.

fundi_mabomba
Kijana hujakosea sana, dawa inaua utelezi wa sabuni pale juu na ule nao unanuka. Ila kama kila Jumamosi lazima urudie basi jua harufu inapanda kutoka kwenye chemba, na hiyo hata umwage ndoo nzima itarudi. Halafu msije mkachanganya hiyo klorini na dawa ya choo yenye asidi, inatoa hewa ya sumu na bafu lenyewe kidirisha kimoja.

Mleta mada, hapo una matatizo mawili usiyachanganye. Kwanza toa chujio, mimina ndoo nzima taratibu palepale kwenye tundu. Maji yakipanda na kubwabwaja, bomba limeziba. Yakimezwa yote, bomba ni zima, chujio ndio limeziba au sakafu haiteremki. Fanya leo kabla hamjanunua chochote.

Mpangaji_wa_nyuma
Nimefanya mkuu. Yamemezwa bila shida. Ila chujio lenyewe nimekuta limefungwa kabisa, nywele zimesokotana na kipande cha sabuni, nimevuta kitu kama mkia wa paka. Nikamwaga tena sakafuni likabaki dimbwi karibu na mlango.

fundi_mabomba
Safi, umeshajijibu nusu. Kujaa ni chujio. Dimbwi ni mteremko. Mimi naweka sentimita 2 kwa kila mita, kwa hiyo kama toka mlangoni mpaka tundu ni mita moja na nusu, mlangoni pawe juu kwa sentimita 3. Fundi akisema anakadiria kwa macho mwambie apime kwa levo, na kabla ya kumlipa mmwage ndoo mbele yake.

Harufu sasa ndio kazi ya trapu. Inabakiza maji kama sentimita 5 kwenye kikombe, hayo maji ndio yanazuia hewa ya chemba. Chujio hata liwe la dhahabu halizuii hewa.

Bi_Mkubwa_Uani
Mimi naipinga trapu kwa watu wengi. Tuliwekewa, miezi miwili ikawa inaziba, kuifungua haifunguki wamejengea na simenti, ikabidi sakafu ivunjwe. Nani alilipa? Mimi niliyekuwa nyumbani siku hiyo.

fundi_mabomba
Shikamoo mama. Hilo ni kosa la aliyejenga. Ile ya kikombe kinachotoka kwa mkono unakinyanyua, unamwaga uchafu, unarudisha, dakika mbili. Ila ukweli inataka mtu wa kukisafisha kila wiki, kwa kaya saba labda mara mbili. Na wasafishaji wakichoka wanakitoa kabisa wanakitupa pembeni, hapo mmerudi kwenye tundu tupu.

mama_mapacha
Eh kumbe! Chetu kipo nyuma ya ndoo tangu mwaka jana, nilijua ni kifuniko cha kitu gani sijui 🙈

Kijana_wa_kona
Na bafu lisilotumika?

fundi_mabomba
Maji ya kikombe yanakauka, harufu inarudi. Unamwaga jagi moja tu.

Mpangaji_wa_nyuma
Basi trapu ya kikombe, na sakafu irudiwe upande wa mlango. Imebaki zamu. Wa vyumba vya mbele wanataka tuchange tumlipe mtu, sisi wa nyuma tunataka kila kaya wiki yake, na kuna mmoja yuko peke yake anasema yeye ana kipara nywele si zake hachangii.

Bi_Mkubwa_Uani
Sabuni je, haogi nayo?

Mpangaji_wa_nyuma
Nimemuuliza hivyohivyo mama, kanuna. Kikao kesho jioni.