Jam karet, saa za mpira za Indonesia: waliokaa kule tupeane uzoefu

Msafiri_Jogja:
Wakuu, nilisoma Yogyakarta miaka 3. Wenyeji wenyewe wana jina la kuchelewa kwao: jam karet, yaani saa ya mpira, kwa sababu inavutika. Na mtu akichelewa wanasema kwa utani "ngaret".

Mara ya kwanza ilinikuta kwenye kikao cha kamati ya wanafunzi. Ujumbe ulisema jam 8, yaani saa mbili asubuhi. Saa mbili kasoro dakika kumi niko mlangoni, yupo mlinzi peke yake anafagia. Saa mbili na nusu wenzangu wanaandika "otw", kwamba wako njiani. Baadaye nikajua kuwa mtu wa otw huenda ndiyo kwanza anatafuta taulo akaoge! Tulianza saa tatu na dakika kumi. Nilipomlalamikia mwenyekiti akacheka: kikao kilipangwa saa tatu tangu mwanzo, yeye akaandika saa mbili ili watu wafike saa tatu. Wote walilijua hilo isipokuwa mimi.

Nani mwingine yamemkuta?

Mama_Surabaya:
Mimi nimeolewa huko, mwaka wa 9 huu. Kaka, ulichokosa ni kujua mpira unavutika wapi na wapi hauvutiki.

Chukua harusi. Kadi inaandikwa "11.00 sampai selesai", yaani kuanzia saa tano mpaka shughuli iishe. Mwaka wa kwanza nilimburuza mume wangu tukafika saa tano kamili, maharusi bado wanapigwa picha, wapishi wanapanga sahani. Mama mkwe alinionea huruma. Kumbe watu huingia kwa zamu: unapanda jukwaani kuwapa mkono maharusi, unakula, nusu saa umeondoka. Anayefika saa sita hajachelewa hata kidogo. Na ahadi ya "ba'da Isya", baada ya Isha, nayo ni pana vilevile.

Ila futari haivutiki: Magharibi ikiadhiniwa, tende ziko mkononi. Treni nayo hivyohivyo. Niliwahi kufika stesheni ya Gubeng nimechelewa dakika 4, nikauona mkia wake tu. Tiketi ikawa ndiyo imeliwa.

Halafu kuna cheo. Mwanafunzi humsubiri mwalimu, mdogo humsubiri bosi. Kinyume chake sijawahi kukiona.

Dalali_Kkoo:
Hizo ni sifa tu, wale watu ni wazembe. Nilikwenda Jakarta kuchukua nguo Tanah Abang. Mtu wa mizigo akaniambia "besok, setengah delapan". Setengah ni nusu, delapan ni nane kwa saa zao, kwetu saa mbili. Nikafika saa mbili na nusu asubuhi barabara, gari limeshaondoka na mzigo wa wengine. Nikalala siku mbili za ziada. Foleni za Jakarta nazo zinawaharibu, sikatai.

Mama_Surabaya:
Ndugu yangu, besok kweli ni kesho. Lakini setengah delapan ni nusu KUELEKEA nane, si nane na nusu. Ni saa moja na nusu asubuhi. Huyo bwana alikuwa kwa wakati wake, aliyengaret kwa saa nzima ni wewe.

Dalali_Kkoo:
Duh. Na nilimtukana kwenye simu.

Mkulima_Muheza:
Samahani wakuu, huo mpira wa Indonesia utomvu wanauuza bei gani kwa kilo? Mimi nina miti michache.

Msafiri_Jogja:
Mzee wangu, hapa mpira ni wa saa, si wa shambani 😂

Fundi_Karawang:
Mimi sikubaliani na habari ya mila. Nilikuwa mafunzoni kiwandani Karawang. Kengele saa moja asubuhi, na vijana wote walikuwa wameshasimama kwenye mashine. Vijana walewale, mpira wa Jumapili wa saa kumi jioni tulianza saa kumi na moja. Kiwandani dakika zinakatwa kwenye mshahara, uwanjani unakatwa nini?

Mama_Surabaya:
Kuna ukweli, lakini si wote. Mume wangu hakatwi kitu na mtu, na msikitini hachelewi. Kwa dada yake tukialikwa saa saba, ananizuia nisitoke kabla ya saa saba na robo, eti tutawakuta hawajajiandaa, tuwaaibishe. Kwake kuwahi ndiko utovu wa adabu.

Msafiri_Jogja:
Hapo ndipo sikuwahi kuelewa. Sasa mgeni ataulizaje saa ya kweli bila kuonekana anawasimanga?

Mama_Surabaya:
Mimi humwuliza mtu wa tatu: "Wewe utatoka nyumbani saa ngapi?" Mwenye shughuli simwulizi.

Fundi_Karawang:
Na huyo wa tatu akijibu "otw"?