Mrejesho: bando lililokuwa linakata kabla ya saa sita
Niliuliza: "Magrupu ya dagaa kwenye WhatsApp yanashusha video zenyewe, bando linakata kabla ya saa sita mchana. Nizizimeje bila kukosa picha za wateja?"

Wakuu, imekubali. Niliingia Settings, Storage and data, chini kuna Media auto-download. Kwenye "When using mobile data" nikaacha tiki ya Photos tu, nikagusa OK. "When roaming" nimetoa zote, maana huwa navuka kwenda Kampala.

Kosa nililifanya kwenye Wi-Fi, niliacha zote nne. Juzi pale Mwaloni Kirumba nikajiunga na hotspoti ya shemeji, kidogo tu akaanza kulalamika bando lake limeyeyuka. Kumbe WhatsApp inahesabu hotspoti kuwa Wi-Fi, hata kama nyuma yake kuna bando la mtu! Sasa huko nako ni Photos peke yake. Video inakuja na ukungu, ukubwa wake umeandikwa juu. Ikiwa ya mzigo wangu naigusa, za vichekesho zinabaki hapo hapo.

Ila sauti za kurekodi bado zinashuka zenyewe. Kutoa tiki ya Audio hakuzizuii.